Pesa Imeingia, Mapato Bado

Kila Januari majumba ya mazoezi hujaa. Sikukuu zimepita, nguo zimebana, na watu wameapa kwamba mwaka huu hawafanyi mzaha na afya zao. Wenye jimu wanaujua msimu huo, na ndipo wanapotoa ofa: lipia mwaka mzima sasa, upate punguzo. Kwa wiki mbili tatu simu ya mwenye biashara hailali kwa ujumbe wa M-Pesa. Kisha mwezi unakwisha, mhasibu analeta hesabu, na mwenye jimu haamini macho yake. Pesa iliyoingia ni milioni kadhaa, lakini mapato ya Januari yaliyoandikwa hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya pesa hiyo.

"Nyingine umezipeleka wapi?" anauliza mwenye jimu.

"Ziko benki, Mama, hazijaguswa. Ila bado hatujazifanyia kazi," anajibu mhasibu.

Jibu hilo lina kanuni nzima ndani yake. Mtu akilipa leo kwa huduma ya miezi 12 ijayo, biashara imepata pesa na imepata deni kwa mkupuo mmoja. Si deni la kurudisha shilingi, bali la kufungua mlango kila asubuhi, kulipa umeme, kuweka mkufunzi sakafuni na kutengeneza mashine zikiharibika, mpaka siku ya mwisho ya mkataba. Kadiri siku zinavyopita deni linapungua, na kiasi kilichopungua ndicho kinachoitwa mapato. Ile sehemu ambayo siku zake hazijafika huitwa mapato yaliyoahirishwa, na mahali pake ni upande wa madeni kwenye mizania.

Utaratibu huu hautegemei mapenzi ya mhasibu. Umewekwa katika kiwango cha kimataifa kiitwacho IFRS 15, kilichotolewa mwaka 2014 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2018. Kenya imekuwa ikifuata viwango hivi vya kimataifa tangu 1999, na Tanzania tangu 2004. Biashara ndogo nyingi hutumia toleo lao jepesi zaidi, lakini kwa ada ya mwaka iliyolipwa kabla, jibu linalopatikana ni lile lile. Tena jimu ni mfano mzuri kuliko mingi, kwa sababu hata waandishi wa IFRS 15 waliitumia katika mifano yao ya kufafanua kanuni.

Mwanachama mmoja, siku kwa siku

Tuchukue jimu ya kubuni iliyoko Mombasa, iliyosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT. Ada ya mwaka ni Sh 36,500 kabla ya kodi. Nimeichagua hesabu hiyo makusudi, maana ukiigawa kwa siku 365 unapata Sh 100 kwa siku, na kila hatua itaonekana wazi. VAT ya Kenya ni asilimia 16, kwa hiyo mwanachama anaongeza Sh 5,840 na kulipa jumla ya Sh 42,340.

Mwanachama wetu analipa na kuanza tarehe 11 Oktoba, na mkataba wake unakwisha tarehe 10 Oktoba ya mwaka unaofuata. Siku ya malipo mhasibu anaandika debiti ya Sh 42,340 kwenye akaunti ya benki au M-Pesa. Upande wa pili anaandika krediti mbili: Sh 36,500 kwenye mapato yaliyoahirishwa, na Sh 5,840 kwenye VAT inayodaiwa. Kwenye akaunti ya mapato yenyewe haandiki hata senti moja.

Ile VAT haiahirishwi. Kwa sheria ya Kenya, kodi inadaiwa kuanzia tukio linalotangulia kati ya kutoa huduma, kutoa ankara na kupokea malipo. Hapa malipo yametangulia, kwa hiyo Sh 5,840 zote zinatakiwa kufika KRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ijapokuwa huduma yenyewe itaendelea kutolewa karibu mwaka mzima. Mwenye jimu anayeihesabu pesa hiyo kama yake atashtuka ikifika tarehe hiyo. Na mhasibu anayeitumbukiza ndani ya mapato yaliyoahirishwa atakuwa anaigawa kodi ya serikali mwezi kwa mwezi kana kwamba ni mapato ya jimu.

Mwisho wa Oktoba, mwanachama amepata siku 21, kuanzia tarehe 11 hadi 31, zote mbili zikihesabiwa. Mhasibu anaandika debiti ya Sh 2,100 kwenye mapato yaliyoahirishwa na krediti ya Sh 2,100 kwenye mapato ya ada. Novemba ina siku 30, anahamisha Sh 3,000. Desemba ina siku 31, anahamisha Sh 3,100. Jimu ikifunga mwaka wake tarehe 31 Desemba, mwanachama huyu amechangia mapato ya Sh 8,200. Zilizobaki, Sh 28,300, ni thamani ya siku 283 ambazo bado anadai.

Katika miezi yote hiyo hakuna pesa iliyotoka wala kuingia. Salio la benki halikutikisika kwa sababu ya mahamisho hayo. Kilichosogea ni maelezo ya pesa ile ile, kutoka upande wa deni kuja upande wa mapato. Ndiyo maana mfanyabiashara anayeangalia M-Pesa peke yake hawezi kuliona jambo hili, hata akiwa makini namna gani.

Wapo wahasibu wanaogawa kwa miezi badala ya siku. Wanachukua ada, wanaigawa kwa 12, na anayeanza katikati ya mwezi wanampa nusu mwezi au mwezi mzima kufuatana na utaratibu wao. Njia hiyo inakubalika mradi tofauti inayoletwa ni ndogo na utaratibu haubadilishwi kila mwaka ili kunogesha hesabu. Lakini siku hizi jedwali la kompyuta linahesabu siku bila kuchoka, na fomula yenyewe ni mstari mmoja:

```
=MAX(0, MIN($C2,E$1) - MAX($B2,EOMONTH(E$1,-1)+1) + 1) * $D2/($C2-$B2+1)
```

Kila mwanachama ana mstari wake. Safu B ina tarehe ya kuanza, C tarehe ya kumaliza, D ada bila VAT, na kuanzia E kwenda kulia, mstari wa juu kabisa una tarehe ya mwisho ya kila mwezi. Fomula inatafuta siku ngapi za mkataba zinaangukia ndani ya mwezi huo, kisha inazizidisha kwa ada ya siku moja. Kwa mwanachama wetu itatoa 2,100 Oktoba, 3,000 Novemba, na sifuri kwa Septemba, kabla hajaanza. Jumla ya safu ya mwezi ndiyo inayohamishwa kwenda mapato mwezi huo.

Januari tajiri, Agosti maskini

Faida ya utaratibu huu haionekani vizuri kwa mtu mmoja. Tuwaweke wanachama 200, wote wamelipa na kuanza tarehe 1 Januari. Ukiweka VAT kando, jimu imekusanya Sh 7,300,000. Kodi ya pango, mishahara, umeme na maji vinakula Sh 550,000 kila mwezi, na ili picha iwe wazi tuseme hakuna mwanachama mwingine anayejiunga katikati ya mwaka.

Anayeandika pesa yote kama mapato ya Januari ataonyesha faida ya Sh 6,750,000 mwezi huo, na baada ya hapo hasara ya Sh 550,000 kila mwezi hadi Desemba. Ukizitazama hesabu hizo utadhani jimu ilikuwa na bahati ya mwezi mmoja kisha ikafa, ilhali kila asubuhi watu wale wale wanainua vyuma vile vile.

Anayegawa kwa siku ataandika mapato ya Sh 20,000 kwa siku. Januari inapata Sh 620,000 na faida ya Sh 70,000. Februari, kwa siku zake 28, inapata Sh 560,000 na faida ya Sh 10,000. Mwaka mzima faida ni Sh 700,000, na hata yule wa kwanza, akijumlisha miezi yake 12, atafika hapo hapo. Tofauti ni kwamba hesabu za pili zinamwambia mwenye jimu, mapema kabisa mwezi wa Februari, kwamba biashara yake ina faida nyembamba na haina nafasi ya anasa.

Sasa tuseme ameamini hesabu za kwanza. Ameona faida ya karibu milioni saba, akachukua Sh 3,000,000 kuongezea kwenye bei ya gari. Benki zimebaki Sh 4,300,000. Kuanzia Januari hadi Julai matumizi yanakula Sh 3,850,000, na tarehe 31 Julai zimebaki Sh 450,000. Agosti inataka Sh 550,000. Pesa imekwisha, na bado wanachama 200 wanadai siku 153 kila mmoja, huduma yenye thamani ya Sh 3,060,000 ambayo walishailipia.

Hapo ndipo zinapotoka habari za jimu iliyofungwa ghafla na wanachama wakakuta kufuli mlangoni. Si lazima mwenyewe awe tapeli. Mara nyingi ametumia pesa ya Oktoba mwezi wa Januari, akitarajia Januari nyingine ije kabla mambo hayajaharibika. Akitaka kuendelea bila kulipa deni kwa deni, itambidi awashawishi wanachama walipie upya mapema, kwa punguzo kubwa zaidi, na mwaka wa pili unaanza ukiwa umeshaliwa.

Asiyekuja naye anahesabiwa

Kila mwenye jimu anajua kwamba wengi wanaolipa Januari hawaonekani Machi. Je, mapato yao yaandikwe namna gani? Wapo wanaodhani mapato yanapaswa kufuata mahudhurio: aliyekuja mara 20 mwezi huu aandikiwe zaidi, asiyekuja asiandikiwe kitu.

IFRS 15 inakataa, na mfano wake wa klabu ya afya unaeleza kwa nini. Jimu haikuuza idadi ya mazoezi. Iliuza haki ya kuingia wakati wowote mlango ukiwa wazi. Kazi ya jimu ni kuwa tayari, na utayari huo ni ule ule siku mwanachama anapokuja na siku anapobaki kitandani. Kwa hiyo mapato yanagawanywa sawasawa kwa muda wote wa mkataba, na yule aliyepotea Machi anaendelea kuandikiwa Sh 100 kwa siku mpaka siku yake ya mwisho.

Kadi za idadi ya mazoezi ni jambo jingine. Mtu akinunua kadi ya mara 10 kwa Sh 5,000, alichonunua kinahesabika, na mapato yanafuata matumizi: Sh 500 kila anapoingia. Ikiwa jimu ina kumbukumbu zake za miaka kadhaa zinazoonyesha kwamba kwa wastani kadi moja hutumika mara 8 tu kabla ya kwisha muda, inaweza kuandika Sh 625 kwa kila ziara, ili zile mbili zisizotumika ziingie mapato pole pole pamoja na zinazotumika. Bila kumbukumbu hizo, sehemu isiyotumika inasubiri mpaka iwe wazi kwamba mwenye kadi hana nafasi tena ya kuidai.

Ada ya kujiunga

Jimu nyingi hutoza ada ya kujiunga inayolipwa mara moja na isiyorudishwa. Tuseme yetu ni Sh 3,650 bila VAT. Kwa kuwa hairudishwi, mwenye jimu anaona ni halali yake tangu dakika ya kwanza: mtu amesajiliwa, amepewa kadi, amepigwa picha, kazi imekwisha.

Swali la mhasibu ni jingine: kwa ada hiyo mwanachama amepata nini ambacho kingekuwa na maana kwake peke yake? Kadi isiyofungua mlango haina kazi. Usajili ni shughuli ya ofisi ya jimu yenyewe, si huduma kwa mteja. Kwa hiyo ada ya kujiunga ni sehemu ya bei ya kufanya mazoezi, na inagawanywa pamoja na ada ya mwaka. Hapa ni Sh 10 kwa siku, juu ya zile Sh 100. Kwamba haitarudishwa kunahusu nani atabaki na pesa mkataba ukivunjika. Hakusemi chochote juu ya siku ambayo huduma ilitolewa.

Kuna hatua moja zaidi. Ikiwa mwanachama anayeongeza mwaka wa pili halipi tena ada ya kujiunga, na msamaha huo ni sababu kubwa ya yeye kubaki hapo badala ya kuhamia jimu ya jirani, basi ada ile imemnunulia unafuu hata mwaka ujao. Mhasibu ataigawa kwa muda ambao wanachama hukaa kwa kawaida. Wakikaa miaka miwili, ni Sh 5 kwa siku kwa siku 730.

Pale hesabu zinapoharibika

Makosa makubwa katika kazi hii hayatoki kwenye kanuni. Yanatoka kwenye mabadiliko madogo ya kila siku, na linalosumbua zaidi katika jimu ni kusimamisha uanachama.

Mwanachama wetu wa Oktoba anasafiri, anaomba asimamishiwe Novemba nzima, na jimu inakubali. Siku zake 30 zinasogezwa mbele, kwa hiyo mkataba utakwisha tarehe 9 Novemba mwaka unaofuata badala ya 10 Oktoba. Karani wa mapokezi anafungua jedwali, anabadilisha tarehe ya mwisho, anahifadhi na kuendelea na kazi.

Fomula haijui kwamba mtu huyu amesimama. Inaona mkataba wa siku 395, inagawa Sh 36,500 kwa siku hizo, na ada ya siku inashuka hadi takriban Sh 92. Oktoba, ambayo hesabu zake zilishafungwa, inabadilika kimya kimya kutoka 2,100 hadi takriban 1,940. Novemba, ambayo mwanachama hakuwa na haki ya kuingia, inapewa takriban Sh 2,770. Ukiwa na wasafiri 40 wa namna hiyo, jedwali halitalingana tena na leja, na hakuna atakayekumbuka kwa nini.

Dawa yake ni kuukata mstari mara mbili. Wa kwanza unaanza 11 Oktoba na kuishia 31 Oktoba, ukiwa na Sh 2,100. Wa pili unaanza 1 Desemba na kuishia 9 Novemba, siku 344, ukiwa na Sh 34,400. Ada ya siku inabaki Sh 100, Novemba inapata sifuri, na tarehe 31 Desemba salio la mwanachama huyu ni Sh 31,300 badala ya 28,300.

Kosa la pili hutokea kwa wateja wakubwa. Mwezi wa Desemba hoteli moja inaomba ankara ya wafanyakazi wake 20 kuanzia Januari, Sh 730,000 bila VAT. Ankara inatumwa, na mfumo wa kompyuta unaandika mara moja mdaiwa upande mmoja na mapato yaliyoahirishwa upande wa pili. Ikifika tarehe 31 Desemba hoteli haijalipa, huduma haijaanza, na bado ina ruhusa ya kughairi bila gharama. Kwa hali hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Kuacha Sh 730,000 pande zote mbili hakubadilishi faida, lakini kunaivimbisha mizania kwa mali isiyokuwepo na deni lisilokuwepo. Mhasibu mzuri anaondoa zote mbili hadi malipo yaingie au haki ya kudai isiyo na masharti ipatikane.

Namna ya kuyanasa makosa haya ni ulinganisho wa kila mwisho wa mwezi. Unachukua salio la mwanzo la mapato yaliyoahirishwa, unaongeza ada mpya zilizolipwa bila VAT, unatoa zilizohamishiwa mapato, unatoa zilizorudishwa kwa wanachama waliovunja mkataba. Jibu lazima lilingane na leja. Kisha unajumlisha kwenye jedwali siku zilizobaki kwa kila mwanachama, mtu kwa mtu. Jumla hiyo nayo lazima ilingane na leja, shilingi kwa shilingi.

Zisipolingana, tofauti yenyewe huwa na cha kusema. Tuseme leja imezidi jedwali kwa Sh 17,520. Kabla ya kupekua risiti zote, gawa kwa 5,840 na unapata 3 kamili: karibu hakika kuna wanachama watatu ambao VAT yao imeingizwa ndani ya mapato yaliyoahirishwa. Tofauti inayogawanyika kwa 36,500 inaashiria ada nzima iliyoandikwa mara mbili au iliyosahaulika. Mwanachama mwenye salio wakati mkataba wake ulishakwisha ameachwa nyuma na mahamisho ya mwezi fulani. Mwenye salio hasi amehamishiwa mapato zaidi ya alicholipa, na mara nyingi chanzo ni tarehe ya kuanza iliyokosewa mwaka.

Mfano wa Marekani

Asidhani mtu kwamba ni jimu za mtaani tu zinazojikwaa hapa. Bally Total Fitness ya Chicago ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za jimu nchini Marekani. Februari 2008, tume inayosimamia masoko ya hisa ya nchi hiyo iliishtaki kwa hesabu zisizo za kweli zilizoanzia angalau mwaka 1997 hadi 2003. Tume iliorodhesha zaidi ya kasoro 24, na kati yake zilikuwemo namna ilivyoandika ada za kujiunga na ada zilizolipwa kabla. Kwa mujibu wa mashtaka, mtaji wa wenye hisa wa mwisho wa 2001 ulikuzwa kwa karibu dola milioni 340. Kampuni ilimaliza shauri hilo bila kukiri wala kukana.

Vitu vilivyotajwa ni vile vile tulivyoviona Mombasa: ada ya kujiunga na ada ya mbele. Mbinu yake haihitaji kughushi risiti hata moja. Wanachama ni wa kweli, pesa ni ya kweli, benki inathibitisha. Kinachosogezwa ni tarehe tu. Na ndiyo maana mkaguzi wa hesabu, akifika kwenye biashara ya ada za mwaka, hatosheki na taarifa ya benki. Anachagua mikataba kadhaa, anaangalia siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kisha anahesabu mwenyewe siku zilizobaki.

Kulisoma deni hili

Anayekutana na mapato yaliyoahirishwa kwenye mizania kwa mara ya kwanza, awe ofisa mikopo au ndugu anayeombwa kuchangia mtaji, huona deni kubwa akaogopa. Lakini deni hili si kama mkopo wa benki. Mkopo unalipwa kwa shilingi ile ile uliyokopa. Hili linalipwa kwa huduma, na gharama ya huduma hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko kiasi kilichoandikwa. Likikua mwaka hadi mwaka huku mapato nayo yakikua, maana yake wateja wanaendelea kulipia mbele. Dalili ya hatari ni mapato kuendelea kung'aa huku mapato yaliyoahirishwa yakipungua. Biashara hiyo inaishi kwa ada za zamani, na mpya haziingii kwa kasi ya kutosha. Taarifa ya faida itachelewa miezi kadhaa kulionyesha hilo.

Anayepaswa kuwa makini kuliko wote ni yule anayenunua biashara. Tuseme jimu yetu inauzwa tarehe 30 Juni. Muuzaji anaonyesha wanachama 200 walio hai, kumbi zimejaa, na miezi sita ya faida. Mnunuzi anaona wateja 200, kumbe kwa miezi sita ijayo hakuna hata mmoja wao atakayemlipa. Kila mmoja bado anadai siku 184, jumla ya Sh 3,680,000 ambazo muuzaji ameshazipokea, pengine ameshazitumia. Kuwahudumia hadi Desemba kutamgharimu mnunuzi Sh 3,300,000 za pango, mishahara na umeme kutoka mfukoni mwake. Ama pesa hiyo ikabidhiwe pamoja na funguo, ama ipunguzwe kwenye bei. Ndiyo maana kabla ya kujadili bei, mnunuzi anayejua kazi yake huomba kwanza lile jedwali la siku zilizobaki. Likikosekana, anaomba mikataba yote 200 na kalenda, na anakataa kutaja bei mpaka amalize kuhesabu.